Kandarasi ya Shanzu ndani ya ERPNext: kila shilingi iingie kwa mlango mmoja

Mkandarasi mmoja wa hapa Mombasa alinionyesha skrini ya mradi wake. Kwenye `Gross Margin` palisomeka shilingi 408,000, naye alikuwa ashaanza kujuta kuichukua kazi ile. Tulikaa na makaratasi hadi magharibi tukaona kwamba mfumo haukukosea kujumlisha. Ulikuwa unajibu swali jingine, tofauti na lile alilodhani anauliza.

Mwongozo huu unafuata kandarasi moja ya mfano tangu kufunguliwa kwenye mfumo hadi kufunga hesabu za mwezi. Natumia ERPNext, programu ya kuendesha hesabu, stoo na miradi ya kampuni, kwa sababu kampuni ndogo zaweza kuipata bila ada ya leseni. Ukitumia mfumo mwingine majina ya vitufe yatabadilika, lakini mitego ni ile ile.

Kandarasi yenyewe ni nyumba ya ghorofa ya kupangisha wageni huko Shanzu. Bei ni Sh 24,000,000 kabla ya VAT, na gharama tuliyokadiria ni Sh 19,200,000. Malipo yamegawanywa kwa hatua tano: msingi 3,600,000, nguzo na zege la ghorofa 7,200,000, kuta na paa 6,000,000, mabomba, umeme na plasta 4,800,000, umaliziaji na kukabidhi funguo 2,400,000. Mteja anazuia asilimia 10 ya kila cheti cha malipo, lakini jumla ya zuio haitapita asilimia 5 ya kandarasi, yaani Sh 1,200,000. Saiti wanaliita ritensheni. Mimi nitaliita zuio.

Kufungua mradi

Fungua `Project`, uupe jina ambalo hata msimamizi wa saiti atalitambua kwenye simu, kwa mfano "Shanzu Ghorofa". Chini yake weka `Task` tano tu, moja kwa kila hatua ya malipo. Nimeona watu wakiweka kazi themanini, kila dirisha na lake, na baada ya wiki mbili hakuna anayezijaza. Unachotaka ni gharama zijipange kwenye mafungu yale yale ambayo mteja anayalipia, ili siku ya kulinganisha usihitaji tafsiri.

Kisha tengeneza `Sales Order` iliyofungwa kwenye mradi huo, yenye mistari mitano, kila hatua mstari wake, idadi 1 na bei yake kamili. Kipimo utakachotumia, tuseme "Hatua", hakikisha kwenye mpangilio wake alama ya `Must be Whole Number` imeondolewa. Hilo ni jambo dogo, lakini bila hilo mfumo utakukatalia siku mkadiriaji wa majengo atakapopitisha nusu ya hatua, naye karibu kila mwezi hupitisha nusu.

Saa za mafundi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapolegea.

Anza na gharama ya saa moja. Tuseme fundi mwashi analipwa Sh 1,500 kwa siku ya saa nane. Hiyo si gharama yake yote. Kuna mchango wa mwajiri wa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, kuna NSSF, kuna bima ya ajali kazini, na kuna siku mvua ya masika inapowakalisha watu chini ya turubai na bado unawalipa. Katika mfano huu nyongeza hizo zote ni asilimia 12, kwa hiyo siku inakuwa Sh 1,680 na saa inakuwa Sh 210. Mtu wa mkono wa Sh 900 kwa siku anafika Sh 126 kwa saa kwa hesabu hiyo hiyo. Nyongeza yako utaipiga mwenyewe kutoka kwenye mishahara ya mwaka uliopita. Usiichukue yangu.

Viwango hivyo viweke kwenye `Activity Type`: moja iitwe "Fundi mwashi", nyingine "Mtu wa mkono", na kadhalika. Kwa wafanyakazi wa kudumu wenye mishahara tofauti, tumia `Activity Cost`, ambayo inaruhusu kiwango cha mtu mmoja mmoja kwa kila aina ya kazi.

Sasa, vibarua ishirini hawatafungua kompyuta. Msimamizi awe na daftari la mahudhurio lenye safu moja ya ziada: hatua gani mtu alifanya leo. Jumamosi mchana anapiga picha ya kurasa na kuzituma ofisini, na karani anaingiza `Timesheet` moja kwa kila kundi, mstari mmoja kwa kila hatua na kila aina ya fundi, akijumlisha saa za watu wote. Kwa sababu saa za watu wengi zikiwekwa pamoja zitaonekana kama mtu mmoja amefanya kazi siku tatu mfululizo, nenda `Projects Settings` uweke alama kwenye `Ignore Employee Time Overlap` na ile ya `User`. Bila hivyo mfumo utalalamika kwamba saa zimepandana.

Ukishahifadhi, bonyeza `Submit`. `Timesheet` iliyohifadhiwa tu bila kuwasilishwa haigusi mradi hata kidogo. Nimewahi kukuta rasimu kumi na moja zimelala, na tajiri anasifu jinsi alivyobana gharama za mafundi.

Jambo ambalo halionekani kwa macho ni hili: `Timesheet` haiandiki chochote kwenye leja kuu. Inajaza `Total Costing Amount` kwenye mradi, basi. Mshahara wenyewe unaingia leja pale unapoulipa, kwa `Journal Entry` yenye mradi kwenye mstari wa gharama. Kwa hiyo una namba mbili za kazi ile ile: makadirio kwenye skrini ya mradi na malipo halisi kwenye ripoti ya `Profit and Loss Statement` ukiichuja kwa mradi. Watu huona hilo kama kasoro. Mimi naliona kama mizani. Mwezi mmoja saa zilionyesha Sh 412,000 na malipo yakawa Sh 455,000. Tofauti ya 43,000 ni kubwa mno kuwa ya senti za kukaribisha. Tuliuliza, ikabainika kundi moja lilipelekwa saiti ya Bamburi siku mbili na mishahara yao ikaandikwa kwa mradi wa Shanzu. Ukiwa na namba moja tu, hungejua.

Simiti mara mbili

Vifaa vina njia mbili za kuingia kwenye mradi, na ukitumia zote kwa kifaa kimoja umelipa mara mbili kwa kalamu.

Njia ya kwanza ni `Purchase Invoice` yenye mradi. Inajaza `Total Purchase Cost`. Njia hii ifae vitu visivyopita stoo: mkandarasi mdogo wa umeme, kukodi mashine ya kuchanganya zege, lori la kokoto linalomwagwa na kutumika siku ile ile.

Njia ya pili ni stoo. Fungua `Warehouse` ya saiti, simiti na nondo zipokelewe huko, kisha zinapotumika toa `Stock Entry` ya aina ya `Material Issue` yenye mradi. Hiyo inajaza `Total Consumed Material Cost`.

Chukua mifuko 600 ya simiti kwa Sh 750, jumla Sh 450,000. Karani akiandika mradi kwenye ankara ya ununuzi, na mtunza stoo akaandika mradi kwenye kutoa, mradi unabeba Sh 900,000. Ubaya ni kwamba mtu anaweza kusababisha hili bila kugusa ankara: mradi ukiandikwa kwenye `Purchase Order`, unarithiwa na ankara inayotokana nayo. Kanuni yangu ni fupi. Kitu chenye stoo hakiandikwi mradi hadi kinapotoka stoo. Kama unashuku kosa limeshafanyika, fungua orodha ya ankara za ununuzi za mradi utafute bidhaa yoyote ambayo pia ina kadi ya stoo. Ikiwepo, umeipata.

Kuna faida nyingine ya stoo ya saiti. Kuhamisha mifuko kutoka stoo ya Shanzu kwenda stoo ya Mikindani hakugusi gharama ya mradi wowote, kwa sababu haijatumika bado. Na mwisho wa mwezi, nondo zilizorundikwa chini ya mnazi hazihesabiwi kama kazi iliyofanyika. Tutaona kwa nini hilo lina maana.

Pesa za M-Pesa za msimamizi

Msimamizi anahitaji pesa mkononi: misumari, maji ya bauza, nauli, feri ya Likoni lori linapotoka pwani ya kusini. Mpe `Employee Advance`, tuseme Sh 30,000, na asipate nyingine hadi ya kwanza iwe imeelezwa kwa `Expense Claim` yenye mradi na hatua. Ada ya kutuma pesa iwe mstari wake. Ni kidogo kidogo, lakini kwa mwaka inatosha kununua bati.

Tenga aina mbili za matumizi: "Saiti yenye eTIMS" na "Saiti bila eTIMS". Tangu Januari 1, 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA katika kupunguza mapato ya kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Kwa mradi ni gharama kama nyingine, umeitoa pesa na hairudi. Kwa kodi ni hadithi tofauti. Ukizitenga siku ya kuingiza, mwisho wa mwaka huna haja ya kufukua risiti moja moja.

Cheti cha pili, mstari kwa mstari

Cheti cha kwanza kilikuwa cha msingi wote: kazi 3,600,000, zuio 360,000, kilicholipwa 3,240,000. Mei 28 mkadiriaji anapitisha asilimia 60 ya hatua ya pili, yaani Sh 4,320,000. Zuio ni 432,000, kwa hiyo cheti ni Sh 3,888,000.

Fungua `Sales Order`, tengeneza `Sales Invoice`, na kwenye mstari wa hatua ya pili andika idadi 0.54. Kwa nini 0.54 na si 0.6? Kwa sababu asilimia 60 ukiondoa sehemu ya kumi ni 54. Ile 0.06 inabaki wazi kwenye `Sales Order`, na mabaki hayo yote yakikusanywa ndiyo zuio lako, linasubiri kutozwa siku ya kuachiliwa. Huhitaji daftari la pembeni. Kumbuka tu kwamba kazi ikipita Sh 12,000,000 zuio limefika kikomo chake, na kuanzia hapo unatoza kamili. Wateja wengi husahau kuacha kukata.

VAT ya asilimia 16 hapa ni Sh 622,080, jumla Sh 4,510,080. Katika mfano huu imehesabiwa juu ya kiasi cha cheti baada ya zuio. Msimamo huo kubalianeni na mshauri wenu wa kodi kabla ya ankara ya kwanza, kwa maana ankara ikishapita eTIMS haihaririwi, inarekebishwa kwa noti ya mkopo.

Tarehe ya ankara iwe ya cheti. Sheria ya VAT ya 2013 inataja cheti cha msanifu, mpimaji au msimamizi wa kazi kuwa miongoni mwa matukio yanayoamua siku ya kodi, na linalotangulia ndilo linaloshika. Cheti cha Mei 28 kinadaiwa VAT kufikia Juni 20, hata kama mteja atalipa Agosti. Kusubiri hundi ndipo uandike ankara hakuahirishi kodi. Kunaleta faini.

Pesa zinapoingia hazitakuwa 4,510,080. Mteja mwenye wajibu wa kuzuia kodi anakata asilimia 3 ya malipo ya kandarasi kwa mkandarasi mkaazi, Sh 116,640, na kama ni wakala wa KRA wa kuzuia VAT anakata asilimia 2 nyingine ya thamani kabla ya VAT, Sh 77,760. Benki inapokea Sh 4,315,680. Kwenye `Payment Entry` funga ankara yote ya 4,510,080, na makato mawili yaingie jedwali la `Deductions or Loss`, kila moja kwenye akaunti yake ya mali: "Kodi ya zuio inayodaiwa KRA" na "VAT iliyozuiwa". Usiyaweke kwenye gharama, ni pesa zako ambazo KRA inakushikia. Wala usiache ankara ikidai 194,400 mwezi hadi mwezi. Nimeshuhudia barua ya kudai deni ikiandikwa kwa mteja aliyekuwa amelipa kila senti, na vyeti vya makato viko iTax.

Kwa kampuni ya ushauri, wahandisi au wasanifu, sura inageuka kidogo. Hapo `Timesheet` yenyewe ndiyo bidhaa: weka kiwango cha kutoza kando ya kile cha gharama, tia alama saa zinazotozwa, na `Sales Invoice` itazivuta. Kodi ya zuio kwa ada za kitaalamu za mkaazi ni asilimia 5. Stoo huna, kwa hiyo nusu ya mitego hapo juu haikuhusu.

Mei 31: kuisoma ile 408,000

Hivi ndivyo skrini inavyopiga hesabu:

```
Gross Margin = Total Billed Amount
  - Total Costing Amount
  - Total Expense Claim
  - Total Purchase Cost
  - Total Consumed Material Cost
```

Kwa Shanzu, kilichotozwa ni 3,240,000 na 3,888,000, jumla 7,128,000. Gharama ni vifaa vilivyotoka stoo 3,410,000, ununuzi wa moja kwa moja 1,950,000, saa za mafundi 1,180,000 na matumizi ya saiti 180,000, jumla 6,720,000. Tofauti ni 408,000. Hesabu ni sahihi, lakini inalinganisha ankara na gharama, na ankara hufuata ratiba ya mkadiriaji huku gharama ikifuata jua la kila siku.

Unachohitaji ni thamani ya kazi iliyokwisha kufanywa. Njia ya kawaida chini ya IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya kuhesabu mapato ya mikataba, ni kugawa gharama ya hadi sasa kwa gharama yote inayotarajiwa. Kwa bajeti ya mwanzo ni 6,720,000 kwa 19,200,000, asilimia 35. Asilimia 35 ya bei ni Sh 8,400,000, na faida ya hadi sasa 1,680,000. Yapendeza.

Lakini usiishie hapo. Kila mwisho wa mwezi muulize msimamizi: kumalizia kutagharimu kiasi gani, kwa bei za leo? Kwa Shanzu jibu lilikuwa 13,440,000, kwa kuwa nondo zilipanda na ngazi ilichorwa upya. Gharama yote sasa ni 20,160,000. Asilimia inashuka hadi 33.3, thamani ya kazi inakuwa Sh 8,000,000, na faida 1,280,000. Faida ya kandarasi nzima imetoka 4,800,000 hadi 3,840,000. Bajeti ya zamani ingekuficha hilo hadi siku ya kukabidhi. Na kama makadirio mapya yangepita 24,000,000, hasara yote ingeandikwa mwezi huo huo, bila kuisubiri kazi iishe.

Hapa ndipo nondo za chini ya mnazi zinaporudi. Zingehesabiwa kama gharama, asilimia ingepanda bila hata kamba ya mwashi kusogea.

Sasa andika `Journal Entry` ya Mei 31, mistari yote ikiwa na mradi:

```
Dr  Zuio - Wateja          792,000
Dr  Kazi isiyotozwa         80,000
Cr  Mapato ya miradi       872,000
```

Ile 792,000 ni mazuio ya vyeti viwili. Ile 80,000 ni thamani ya kazi 8,000,000 kutoa kazi iliyopitishwa, 7,920,000. Juni 1 ifungue, bonyeza `Reverse Journal Entry`, uiwasilishe. Kwa kuigeuza kila mwezi, siku zuio litakapoachiliwa, nusu wakati wa kukabidhi na nusu baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro, utatoa ankara ya kawaida kutoka kwenye mabaki ya `Sales Order` bila mapato kuhesabiwa mara mbili.

Ikiwa thamani ya kazi ingekuwa ndogo kuliko iliyopitishwa, tuseme 7,700,000, mstari wa pili ungegeuka upande: mkadiriaji amepitisha mbele ya kazi. Na ikishuka chini ya 7,128,000 ulizotoza, kwenye pesa zilizo benki kuna sehemu ambayo bado hujaifanyia jasho. Mkandarasi anayenunua gari kwa pesa hizo ndiye anayekosa mishahara wakati wa plasta.

Jumlisha 408,000 na 872,000 upate 1,280,000. Kama leja yako ya mradi haikubaliani na namba hiyo, tafuta kwanza tofauti kati ya saa na mishahara, halafu bidhaa ya stoo yenye mradi kwenye ankara, halafu rasimu ambazo hazijawasilishwa. Kwa mkandarasi wetu ilikuwa ya tatu: `Stock Entry` moja ya kokoto, ya Mei 30, iliyohifadhiwa na kusahauliwa.